Kisu cha Samaki na Jina la Kosa Linalotudanganya

Tuanze na kisa cha kubuni, cha aina ile wanayopewa wanafunzi wa sheria kwenye mtihani.

Mashaka anauza samaki sokoni. Jioni moja amekaa kwenye kijiwe cha kahawa, akaja Hamisi, mtu anayemdai. Hamisi hakudai kwa sauti ya chini. Alimtukana mbele ya watu, akamtemea mate usoni, kisha akasema kwamba deni lenyewe haliumi sana, kwa kuwa mke wa Mashaka hulilipa kila Mashaka anapokwenda mnadani alfajiri. Watu wakacheka. Mashaka hakujibu neno. Aliinuka, akatembea hadi kwenye meza yake ya samaki, mwendo wa hatua kama mia mbili, akachukua kisu cha kuparia na kurudi. Dakika kumi zilikuwa zimepita. Hamisi alipomwona akarudia yale yale kuhusu mkewe. Mashaka akasema, "Leo nakutia alama usinisahau," akamchoma mara moja kwenye paja.

Damu ilipoanza kumwagika, Mashaka mwenyewe alivua shati, akafunga jeraha, akaita bajaji. Hamisi alifikishwa hospitali, akasafishwa na kushonwa, akaambiwa alale wodini amalize dawa za sindano. Siku ya tatu ndugu zake walimtoa kwa ridhaa yake mwenyewe, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji. Jeraha likaoza. Siku ya kumi na mbili akafariki, na daktari aliyeuchunguza mwili akaandika kuwa sumu ya kidonda iliingia kwenye damu.

Mashaka ana kosa gani?

Ukiuliza kijiweni utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia: alikwenda kuchukua kisu, kwa hiyo alikusudia, hayo ni mauaji ya kukusudia. Wa pili atasema: amechomwa paja, nani hufa kwa paja, mtu hakukusudia kuua, hayo ni kuua bila kukusudia. Wote wawili wanalitazama jina la kosa na kudhani limeshawaambia sheria. Hapo ndipo ninapotaka kukaa leo, kwa sababu majina haya mawili, tuliyoyazoea magazetini na mahakamani, hayasemi kile ambacho Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakisema. Mtu anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia bila kukusudia kumuua yeyote. Na mwingine anaweza kuua huku akitaka kabisa kuua, kosa lake likaitwa kuua bila kukusudia.

Kifungu cha 195 kinasema anayesababisha kifo cha mwingine kwa tendo au uzembe ulio kinyume cha sheria ana kosa la kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196 kinarudia karibu maneno hayo hayo na kuongeza kitu kimoja: nia ovu. Makosa yote mawili, basi, yanasimama juu ya msingi mmoja, nao ni kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali. Ndiyo maana jibu zuri halianzi na hasira za Mashaka wala na kisu. Linaanza na swali ambalo wengi hulipita mbio: ni nani aliyemuua Hamisi?

Wakili wa Mashaka atasema ni mganga. Au ni ndugu. Au ni Hamisi mwenyewe, aliyekubali kuondoka wodini. Na kwa akili ya kawaida hoja hiyo ina uzito, maana kama angelala pale hospitali wiki moja pengine angekuwa hai. Lakini sheria imeshaijibu kwa maandishi. Kifungu cha 203 kinaorodhesha hali ambazo mtu huhesabiwa amesababisha kifo hata kama tendo lake silo la mwisho wala la pekee. Mojawapo ni pale anapomjeruhi mtu kwa jeraha ambalo lisingemuua kama majeruhi angekubali matibabu yanayofaa au angejitunza ipasavyo. Nyingine ni pale tendo lake lisingeua bila kuambatana na tendo la marehemu au la watu wengine. Hamisi anaingia katika zote mbili. Kukataa kwake dawa hakumwondoi Mashaka kwenye mnyororo.

Sababu yake si ngumu kuiona ukifuata kidonda chenyewe. Kilichomuua Hamisi ni kuoza kwa tundu lile lile alilotoboa Mashaka. Mganga hakuleta jeraha jipya, aliliacha la zamani liendelee na kazi yake. Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake husomwa huku kama mwongozo tu, zilifika hapo hapo mwaka 1975 katika shauri la Blaue. Msichana aliyechomwa kisu alikataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake ya dini, akafa, na aliyemchoma akashindwa kujitetea kwa hoja ya imani hiyo. Anayempiga mtu humpokea jinsi alivyo, mwili wake na imani zake. Kwa jirani zetu wengi, kumwamini mganga ni sehemu ya mtu kama ilivyo dini.

Mnyororo unaweza kukatika, ila si kwa urahisi. Kifungu hicho hicho cha 203 kinazungumzia matibabu yaliyomuua majeruhi. Kama yalitolewa kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida, aliyejeruhi anabaki na lawama hata yakiwa yalikosewa. Kama hayakuwa na nia njema au ujuzi huo wa kawaida, lawama humtoka. Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika mashauri mawili ya Uingereza. Mwaka 1956, katika shauri la Jordan, kidonda cha kisu kilikuwa kimekaribia kupona, kisha hospitali ikampa mgonjwa dawa ambayo mwili wake ulishaonyesha kuikataa, na hukumu ikafutwa. Mwaka 1959, katika shauri la Smith, askari aliyechomwa singe aliangushwa mara mbili akibebwa na tiba yake haikuwa nzuri, lakini jeraha lilikuwa bado linavuja na ndilo lililomuua, kwa hiyo hukumu ikabaki. Swali la kumwuliza daktari kizimbani ni hili tu: siku mtu anakufa, jeraha lilikuwa bado linafanya kazi, au lilishakuwa historia? Kwa Hamisi, lilikuwa linafanya kazi. (Kuna atakayesema mganga hana ujuzi wa kawaida wa tiba, kwa hiyo mnyororo umekatika. Lakini aya ile inahusu matibabu ambayo yenyewe yaliua. Dawa ya mganga haikumuua Hamisi. Kilichomuua ni kukosa ile ya hospitali.)

Kwa hiyo Mashaka amesababisha kifo, na kwa tendo lisilo halali. Bila kuongeza kitu kingine chochote, tayari ana kosa la kifungu cha 195. Sasa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inataka kumpandisha hadi 196, na kazi ya kuthibitisha nia ovu ni yake, bila kuacha shaka yoyote ya maana.

Nia ovu si kinyongo wala roho mbaya. Kifungu cha 200 kinaieleza kwa namna nne, na ya kwanza ndiyo inayoliumbua jina la kosa: nia ya kuua, au nia ya kumtia mtu madhara makubwa. Ile "au" ndiyo kila kitu. Anayekusudia kukuvunja miguu tu, ukafa, ameua kwa kukusudia. Ya pili ni kujua kwamba tendo lako huenda likaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hujali litaleta au halitaleta. Mzee wa kijiweni aliyesema "nani hufa kwa paja" alikuwa anajibu swali la nusu ya kwanza. Hakuiona nusu ya pili.

Na kwa kuwa hakuna anayetangaza nia yake kabla ya kupiga, mahakama huisoma kutoka kwenye matendo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Enock Kipela, Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, ilitaja mambo ya kutazamwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla au baada, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Huu ndio muhtasari unaonukuliwa karibu katika kila hukumu ya mauaji. Kasoro ya wanaoutumia, wanafunzi na hata mawakili wazoefu, ni kuuhesabu kama kura: manne upande huu, matatu upande ule, basi. Mambo haya hayapigi kura. Yote yanajibu swali moja: mtu huyu alitaka nini?

Mtazame Mashaka kwa jicho hilo. Kisu cha kuparia ni kikali, na tangu mwaka 1945 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema, katika shauri la Tubere la Uganda, kwamba nia ovu huonekana kwa wepesi zaidi mtu akitumia mkuki au kisu kuliko fimbo. Alikwenda kukifuata. Hayo ni mazito dhidi yake. Lakini aliyekuwa na kisu kikali mkononi, adui kakaa mbele yake, kifua na tumbo viko wazi, akachagua paja. Alichoma mara moja, na hakuna aliyemzuia asichome mara ya pili. Kisha akavua shati lake kufunga jeraha. Mtu anayetaka mwenzake afe haiti bajaji.

Yanabaki maneno yake: "Nakutia alama usinisahau." Kwa kuyasikia tu, yanamsaidia, maana alama huwekewa mtu atakayeishi aikumbuke. Wakili makini wa Jamhuri, hata hivyo, atafungua kifungu cha 5 kinachoeleza madhara makubwa, na humo atakuta kwamba ulemavu wa kudumu wa sura au umbile unahesabika. Atauliza: alama ni nini kama si hiyo? Hoja hii ni kali kuliko inavyoonekana, na mwanafunzi asiyeijibu anapoteza alama zake mwenyewe. Jibu langu ni kwamba kovu la paja, lililo chini ya kikoi, si kuharibiwa umbile kwa maana inayokusudiwa pale. Angesema hivyo huku kisu kikielekea shavuni, ningesimama na Jamhuri.

Jamhuri inaweza pia kujaribu namna ya tatu ya kifungu cha 200, inayozungumzia nia ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu. Kushambulia na kudhuru mwili kunabeba hadi miaka mitano, kwa hiyo ukikisoma kwa pupa, kila shambulio lililoishia kwenye kifo lingekuwa mauaji ya kukusudia. Kusoma hivyo kungekiacha kifungu cha 195 bila kazi yoyote katika kesi za ugomvi, na siamini Bunge liliandika kifungu kimoja ili kikimeze kingine.

Nikiyaweka pamoja, naona shaka. Huenda alitaka kumwumiza vibaya, huenda alitaka kumchana ajue adabu. Shaka ya namna hiyo ni mali ya mshtakiwa. Mashaka ana kosa la kuua bila kukusudia.

Utagundua kwamba sijagusa hasira yake hata kidogo, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Wanaoandika majibu ya maswali haya huwa na haraka ya kufika kwenye matusi, wakafungua jibu na kughadhabishwa. Lakini kifungu cha 201 hakihusu mtu asiye na nia ovu. Kinasema wazi kuwa kinamhusu aliyeua katika mazingira ambayo, bila kifungu hicho, yangekuwa mauaji ya kukusudia. Yaani nia ipo. Alitaka kuua, na ameua, ila alifanya hivyo katika moto wa hasira iliyowashwa ghafla, kabla hapajawa na muda wa hasira hiyo kupoa. Sheria humhurumia kwa kiasi na kulishusha kosa. Hapo ndipo jina la kosa linapogeuka kichekesho: amekusudia, na karatasi ya hukumu inasema hakukusudia.

Kuna milango miwili, basi, ya kuingilia kosa moja. Mmoja ni wa asiye na nia ovu. Mwingine ni wa mwenye nia ovu aliyepandwa na ghadhabu. Mashaka nimempitisha mlango wa kwanza. Jaji akikataa na kusema nia ilikuwepo, ndipo wakili wake aende kubisha wa pili. Na huo wa pili, kwa maoni yangu, haufunguki.

Si kwa sababu matusi ni maneno tu. Kifungu cha 202 kinataja tendo baya au tusi, na tusi ni maneno. Wala si kwa sababu Hamisi hakumgusa mke wa mtu mbele ya macho ya mumewe. Kipimo ni kama tendo au tusi lile lingeweza kumnyima uwezo wa kujizuia mtu wa kawaida, na sheria inasema mtu wa kawaida maana yake ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene lililotoka Uganda, wanakijiji walimkamata usiku mtu akitambaa uchi kwenye makazi yao, wakaamini anawaroga, wakamuua kwa kumsukumia ndizi mbichi mwilini kwa nyuma. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba mtu wa jamii ile angeghadhabika kwa kulikuta tendo lenyewe likifanyika. Miaka kumi baadaye, katika shauri la Galikuwa, mahakama hiyo iliweka mpaka: kumwogopa mchawi moyoni peke yake hakutoshi. Lazima pawe na jambo lililotendwa, na pigo litoke wakati moto bado unawaka. Kutemewa mate hadharani na kutangaziwa uzinzi wa mkeo mbele ya wateja wako ni jambo lililotendwa. Hapo Mashaka anapita.

Anakwama kwenye dakika kumi. Wakili wake atasema hasira haikupoa, kwamba kila hatua kati ya zile mia mbili ilizidi kuichochea, na kwa ukweli wa binadamu huenda ni hivyo. Lakini maneno ya kifungu hayaulizi kama ilipoa. Yanauliza kama ulikuwepo muda wa kupoa. Mtu aliyeinuka kimya, akatembea sokoni akipishana na watu, akachagua kisu mezani na kurudi, alipewa muda huo. Wakili atakimbilia tusi la pili, lile la Hamisi kurudia habari za mke. Ningemwuliza: kisu kilikuwa wapi tusi hilo likitolewa? Kilikuwa mkononi tayari. Tusi lililokuta uamuzi umeshafanywa halikuuzaa uamuzi huo. Mzigo wa kuondoa shaka kuhusu ghadhabu hii nao ni wa Jamhuri, si wa mshtakiwa, na wengi husahau hilo. Lakini dakika kumi na safari ya kwenda na kurudi zinatosha kuubeba.

Mtu atauliza kwa nini tunapima hatua na dakika hivi, kama wenye duka wanaopima sukari kwa gramu. Ni kwa sababu ya kilichopo upande wa pili. Nchini Tanzania aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana chaguo jingine, ukiacha watu wachache kama wajawazito na walio chini ya miaka 18. Aliyeua bila kukusudia anaweza kupewa hata kifungo cha maisha, lakini jaji yuko huru kushuka hadi anapoona panafaa, akitazama shati lililofunga jeraha na bajaji iliyoitwa. Kati ya adhabu isiyo na mlango na adhabu yenye milango yote hakuna ngazi ya katikati. Kenya ilikwishaachana na ulazima huo mwaka 2017 kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la Muruatetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, iliiambia Tanzania mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Mpaka sheria ibadilike, uzito wote unaangukia swali la nia. Ni uzito mkubwa mno kwa swali ambalo jibu lake linasomwa kwenye paja la marehemu.

Uzito huo unaanza hata kabla ya hukumu. Mshtakiwa wa mauaji ya kukusudia hana dhamana, wa kuua bila kukusudia anaweza kuipata. Ndiyo maana kesi nyingi huishia kwa mshtakiwa kukiri kosa dogo na Jamhuri kulipokea, na ndiyo maana askari anayeandika maelezo ya mashahidi kituoni ana nguvu kuliko anavyojua. Akiandika "alikwenda kuchukua kisu, akarudi," bila kuuliza ni umbali gani, ni muda gani, na kisu kilikuwa mkono gani tusi la pili likitoka, ameacha shimo ambalo miaka miwili baadaye hakuna shahidi atakayelikumbuka vizuri.

Sasa badilisha jambo moja tu katika kisa chetu. Hamisi hakumkuta Mashaka kwenye kahawa. Alimkuta mezani pake, katikati ya kumpara changu, kisu mkononi. Matusi yale yale, mate yale yale, kicheko kile kile. Mashaka akageuka na kumchoma kifuani, mara tatu, huku akipiga kelele kwamba anamuua. Nia ovu hapo haina ubishi, kila kitu katika orodha ya Kipela kiko dhidi yake, na Hamisi amekufa papo hapo bila mganga wala hospitali. Ila hakuna hatua hata moja aliyotembea, wala dakika iliyopita. Huyo ndiye ambaye kifungu cha 201 kiliandikwa kwa ajili yake, na akiaminiwa, kosa lake litaandikwa kwa maneno yale yale ya Mashaka wa kwanza: kuua bila kukusudia.